Vipande vyote laini, jumla haina mteremko popote: mbona pale x = 0 napata sifuri?

Mwl_Tukuyu

Wakuu salaam. Huku Tukuyu mvua haijakatika tangu juzi, nimejifungia na daftari na kuna jambo limenigomea.

Nafundisha hesabu kidato cha tano na sita. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama inawezekana mchoro usiokatika popote ukakosa mteremko kila mahali, yaani kila nukta yake iwe kama kona. Nikamwambia inawezekana, nikamwandikia huu ubaoni:

```
f(x) = cos(πx) + cos(8πx)/2 + cos(64πx)/4 + cos(512πx)/8 + ...
```

Kila unapokwenda kipande kinachofuata, mawimbi yanabanana mara 8 zaidi na kimo chake kinapungua nusu. Kwamba jumla ipo na haikatiki sina shida nalo. Kipande cha n hakizidi 1/2^n, kwa hiyo ukijumlisha vipande 10 vya kwanza ukaacha vingine vyote, ulichoacha hakizidi 1/512, na hiyo 1/512 ni ileile uwe kwenye x yoyote. Mfululizo unaikaribia jumla yake kwa usawa kila mahali.

Sasa kijana akadiferenshieti kipande kwa kipande. Kipande cha n kinatoa −π·4^n·sin(8^n·πx). Akaweka x = 0, sine zote zikawa sifuri, akapata 0 + 0 + 0 mpaka mwisho. Akaniambia, "Mwalimu, mteremko pale ni sifuri, na inaleta maana kwa sababu pale ndipo kilele, f(0) = 2."

Nikabaki na chaki mkononi. Kama mchoro hauna mteremko popote, mbona hapa anaupata? Na kama hana haki ya kudiferenshieti kipande kwa kipande, ni sheria gani hasa kaivunja, wakati mfululizo unakaribia kwa usawa? Nawasilisha.

Fundi_Mwanjelwa

Mwalimu, kijana wako yuko sahihi. Mimi ni mtu wa kompyuta, huwa siamini mpaka nichore. Nimechora kwa vipande 4, halafu kwa vipande 12, michoro inafanana kila kitu. Ule wa vipande 12 umepanda juu kidogo tu, wote kwa pamoja. Hii hapa:

```python
import numpy as np
x = np.linspace(0, 1, 1025)
def S(N):
    return sum(0.5**n * np.cos(8**n * np.pi * x) for n in range(N))
d = S(12) - S(4)
print(d.min(), d.max())
```

Inatoa 0.1245 kwa min na 0.1245 kwa max. Maana yake vipande nane vya mwisho vimeongeza namba moja tu isiyobadilika, na namba isiyobadilika haina mteremko. Yale mawimbi madogo yanakufa yenyewe. Ukivuta picha karibu na sifuri unaona mlima umelala vizuri juu. Kwa hiyo mteremko ni 0.

Mpima_Iringa

Habari zenu. Nimeona neno mteremko nikaingia, maana ndiyo kazi yangu. Kama swali ni mteremko upi uandikwe kwenye ramani, jibu linategemea umepima kwa hatua gani. Tulipokuwa tunapima njia ya kijiji kwenye milima ya upande wa Kitonga, tukichukua usomaji kila mita 50 tulipata mteremko wa upole. Tukarudia kila mita 5, pale pale pakatoa namba kali zaidi, sababu sasa unayaona makorongo na mawe yote. Mzee wa kijiji akatuuliza ipi ndiyo ya kweli, tukakosa jibu. Mwalimu, wewe umepima kwa mita ngapi?

Mwl_Tukuyu

Ndugu yangu wa Iringa, mimi sijapima ardhi, ni fankisheni ya karatasini. Ila asante.

Mkongwe_Njombe

Mwalimu usimfukuze mpima. Kashika mkia wa jibu bila kujua. Nilifundisha uchambuzi wa namba halisi miaka mingi kabla ya kustaafu, niruhusuni nianze na fundi kwa sababu mtego aliouingia ni mzuri sana.

Fundi, `linspace(0, 1, 1025)` inakupa nukta za k/1024. Chukua kipande cha n = 4. 8^4 ni 4096, na 4096 × k/1024 ni 4k. Kwa hiyo unakokotoa cos(4kπ), ambayo ni 1 kwa kila k. Cha n = 5, cha n = 6, vyote ni hivyohivyo. Umechagua nukta ambazo kila wimbi dogo liko kileleni kwake, ukadhani halitembei. Namba yako ya 0.1245 ni 1/16 + 1/32 na kuendelea mpaka 1/2048, yaani vilele vimejumlishwa, basi. Weka `x = np.sort(np.random.rand(1025))` uendeshe tena uone kama min na max bado zinalingana.

Sasa turudi kwenye sifuri. Mwalimu, sahau kudiferenshieti. Rudi kwenye maana ya mteremko yenyewe: toka 0, sogea hatua h, angalia umeshuka kiasi gani, gawanya kwa h. Chukua h = 1/16. Kipande cha kwanza kinakuwa cos(π/16), kimeshuka 0.0192. Cha pili kinakuwa cos(π/2)/2, ambayo ni sifuri, kwa hiyo kimeshuka 0.5 nzima. Cha tatu ni cos(4π)/4, hakijasogea, na vyote vinavyofuata vimefanya mizunguko kamili navyo havijasogea. Umeshuka 0.5192. Gawanya kwa 1/16, unapata −8.31.

Punguza hatua mara 8, h = 1/128. Sasa kipande cha tatu ndicho kinachoanguka kutoka kileleni mpaka sifuri, kimo chake 0.25. Jumlisha na vidogo vilivyotangulia, umeshuka 0.2599. Gawanya, unapata −33.27. Punguza tena mara 8, h = 1/1024, unapata −133.08.

Angalieni kinachotokea. Hatua imepungua mara 8, lakini kushuka kumepungua nusu tu. Kwa hiyo mteremko unazidi karibu mara 4 kila unaposogea karibu, na hautafika mahali ukatulia. Upande wa kushoto ni hivyohivyo kwa alama ya kujumlisha, kwa sababu kosaini ni pacha pande zote mbili. Pale sifuri ni kilele kweli, kijana kaona vizuri, lakini ni ncha ya sindano. Hakuna mteremko wa sifuri pale.

Na ndugu mpima, hii ndiyo mita 50 na mita 5 zako. Tofauti ni kwamba ardhi ina mwisho, ukifika kwenye punje ya mchanga unasimama. Hii haisimami.

Fundi_Mwanjelwa

Nimeendesha kwa nukta za kubahatisha. Min na max zimeachana kabisa, moja iko chini ya sifuri na nyingine juu. Nakubali kuhusu nukta. Ila bado kuna kitu kinanisumbua. Vipande vya miteremko pale sifuri vyote ni 0, jumla yake ni 0, haina utata. Namba kamili imetoka halafu ni ya uongo?

Mwl_Tukuyu

Na mimi nilitaka kuuliza hilohilo. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba kukaribia kwa usawa kunaruhusu mambo yote: jumla isikatike, uintegreti kipande kwa kipande, udiferenshieti kipande kwa kipande.

Mkongwe_Njombe

Mawili ya kwanza ni kweli, la tatu siyo, na tofauti yake inaonekana kwa macho.

Kukaribia kwa usawa kunakuhakikishia kwamba kosa ni dogo kwa kimo. Ukisimama kwenye vipande 10, jumla ya kweli iko ndani ya utepe wa 1/512 juu na 1/512 chini. Eneo chini ya mchoro linatii utepe huo, ndiyo maana kuintegreti hakuna shida. Lakini utepe hausemi lolote kuhusu ukali wa kupanda na kushuka ndani yake. Chukua kipande cha n = 9 peke yake. Kimo chake ni 1/512, kwenye karatasi ya daftari ni chini ya unene wa kalamu. Mteremko wake mkali kabisa ni π·4^9, zaidi ya 823,000. Kitu kisichoonekana kwa kimo kinatawala kabisa kwa mteremko.

Kwa hiyo sheria ya kudiferenshieti inadai kitu kingine: mfululizo wa miteremko wenyewe, huo wa −π·4^n·sin(8^n·πx), ndio uwe unakaribia kwa usawa kwenye kipande cha mstari kinachoizunguka nukta yako. Ukiwa hivyo, na mfululizo wa awali ukatulia walau kwenye nukta moja, basi mteremko wa jumla ni jumla ya miteremko. Kijana kaangalia nukta moja tu, 0. Angesogea kidogo hadi 1/3, au 1/24, au 1/192, kila mara akigawa kwa 8 na kukaribia sifuri anavyotaka, angekuta vipande vinavyokua mara 4 kila hatua, haviwezi kujumlishika. Mfululizo wa miteremko ukitulia kwenye nukta moja huku majirani zake wa karibu kabisa wakilipuka, namba unayopata pale haikuambii kitu kuhusu f.

Dada_Uyole

Niko mwaka wa pili chuo, nilikuwa nasoma kimyakimya. Kwa hiyo tunaweza kuifanya kanuni: mfululizo wa miteremko usipotulia, jumla haina mteremko. Hapo tumemaliza, hauhitaji tena hesabu za h.

Mkongwe_Njombe

Hapana mwanangu, hiyo ni kugeuza sheria kichwa chini. Sheria inasema ukitimiza sharti, unaruhusiwa. Haisemi usipotimiza, mteremko haupo.

Mfano mfupi. Tengeneza mfululizo ambao jumla ya vipande n vya kwanza ni sin(nx)/n. Kila kipande ni tofauti ya jumla mbili zinazofuatana, vyote laini. Jumla inakwenda 0 kwa usawa kila mahali, na fankisheni ya 0 ina mteremko 0 kila mahali. Lakini ukidiferenshieti, jumla za miteremko ni cos(nx), ambazo pale x = π zinaruka −1, 1, −1, 1 bila kutulia. Mteremko upo, ila njia yako ya kuutafuta ndiyo imekufa.

Kuna mfano mzito zaidi, wa Riemann: sin(x) + sin(4x)/4 + sin(9x)/9 na kuendelea, sin(n²x)/n². Kwa muda mrefu iliaminika kwamba nayo haina mteremko popote. Hardy mwaka 1916 alionyesha kwamba haina kwenye x zote ambazo siyo π mara sehemu ya namba nzima mbili. Halafu mwaka 1970 Gerver akathibitisha kwamba pale x = π mteremko upo, ni −1/2. Sasa diferenshieti kipande kwa kipande uweke π: unapata −1 + 1 − 1 + 1, haitulii. Ingawa ukichukua wastani wa jumla zake, −1, 0, −1, 0, unaipata −1/2 yenyewe. Huwa naifikiria sana hiyo.

Dada_Uyole

Shikamoo mwalimu. Nimeelewa. Basi kwa f ya mwalimu wa Tukuyu, umeonyesha nukta ya 0 tu. Nukta nyingine zote je? Kwa 0 ilikuwa rahisi kwa sababu vipande vyote vilikuwa kileleni pamoja. Kwenye x ya ovyo, wimbi moja linaweza kupanda huku lingine linashuka, yakafutana.

Mkongwe_Njombe

Marahaba. Hilo ndilo swali lenyewe. Hayafutani, na sababu ni kwamba wimbi moja daima lina nguvu kuliko yote yaliyolitangulia yakiungana, na yanayolifuata tunayanyamazisha.

Chagua x yoyote. Hatua iwe 1/(2·8^m), kulia au kushoto, tutaamua baadaye. Vipande vinavyofuata baada ya m vinasogezwa pembe ya 8^(n−m)·π/2. Kwa kuwa 8 inagawanyika kwa 4, hiyo ni mizunguko kamili. Havibadiliki hata chembe. Ule mtego uliomnasa fundi, hapa tunautumia kwa faida.

Kipande cha m chenyewe kinasogea robo ya mzunguko. Kama pembe yake ilikuwa θ, ukienda kulia mabadiliko ni −sin θ − cos θ, ukienda kushoto ni sin θ − cos θ. Mojawapo ya hizo mbili lazima ukubwa wake uwe |sin θ| + |cos θ|, na hiyo haipungui 1 kamwe. Chagua upande huo. Kimo ni 1/2^m, gawanya kwa hatua, mchango wake kwenye mteremko ni angalau 2·4^m.

Vilivyotangulia, kila kimoja hakiwezi kuchangia zaidi ya mteremko wake mkali kabisa, π·4^n. Vyote kwa pamoja, π(1 + 4 + 16 + ... + 4^(m−1)), havifiki π·4^m/3, ambayo ni kama 1.05·4^m. Hata vikisimama vyote upande wa pili kukupinga, unabaki na zaidi ya 0.95·4^m. Ongeza m, mteremko unakua bila kikomo huku hatua ikienda sifuri. x ilikuwa yoyote, hatukuichagua.

Mwl_Tukuyu

Hii naifikisha darasani kama ilivyo. Swali la ziada: 8 na nusu ni lazima? Nikiweka 4 badala ya 8?

Mkongwe_Njombe

Ukiweka 4, mteremko mkali wa kila kipande unakua mara 2 badala ya mara 4. Vilivyotangulia vinaweza kufikia karibu π·2^m, na kipande chako kina 2·2^m tu. Hoja yangu inavunjika, wale wa nyuma wanaweza kumshinda. Lakini matokeo yenyewe hayavunjiki. Weierstrass alipowasilisha mfano wake kwenye Akademia ya Berlin tarehe 18 Julai 1872, naye alidai sharti kali: namba ya kubana mawimbi iwe witiri, na ikizidishwa na ile ya kimo ipite 1 + 3π/2, kama 5.71. Hardy, kwenye kazi hiyohiyo ya 1916, akalishusha: inatosha zao lao lisipungue 1. Kwa 4 na nusu zao ni 2, imo. Ila njia yake siyo ya ubaoni kidato cha sita.

Mpima_Iringa

Nimeelewa nusu, lakini hiyo ya hatua kupungua mara 8 na kushuka kupungua nusu nimeiandika kwenye kijitabu changu. Nina usomaji wa ile njia kwa mita 50 na mita 5. Nikigawanya na kuona kushuka kunapungua kwa kasi ndogo kuliko hatua, ndiyo nijue eneo ni korofi?

Mkongwe_Njombe

Ndiyo, kwa vipimo ulivyo navyo. Usiitumie kusema lolote chini ya mita 5, hapo hujapima.

Dada_Uyole

Nina kingine. Pale 0, kulia mteremko unakwenda hasi bila mwisho, kushoto chanya bila mwisho. Je, kuna x ambayo pande zote mbili zinakwenda upande mmoja, mchoro ukasimama wima kama ukuta? Hoja yako inasema ukubwa unakua, haisemi alama.

Mkongwe_Njombe

Kweli, haisemi. Hoja yangu inakataza mteremko wenye namba tu. Hilo la ukuta hapa sijaligusa, na sitaki kukujibu kwa kukisia. Anza na nukta moja, angalia alama zinavyokwenda.

Fundi_Mwanjelwa

Nimeanza na 1/3 kwa sababu uliitaja. Safari hii nimekokotoa kwa vipande vinavyosogea tu, kwa kikokotoo, siyo kwa nukta za kuchora. m = 1, upande wenye nguvu ni kushoto, h = −1/16, napata −13.48. m = 2, upande umehamia kulia, h = 1/128, napata +30.77. Alama imegeuka. Pembe pale zinapishana, 2π/3 halafu 4π/3, halafu zinarudi, kwa hiyo naona m = 3 itarudi kushoto na hasi. Kama ni hivyo, 1/3 siyo ukuta, ni kilima au bonde?

Dada_Uyole

Kushoto hasi ni mchoro unashuka kuja kwenye nukta, kulia chanya unapanda kutoka hapo. Kwa hatua hizo ni bonde. Ila ni hatua za upande mmoja mmoja tu. Jaribu kulia kwa m = 1 kabla hatujaipa jina.